Pesa Taslimu kwa Kadi ya Mkopo: Saa ya Riba Huanza Kuhesabu Mashine Ikitoa Noti

Maandishi ya hotuba kwa wafanyakazi wa umma na wananchi wa Meru na Embu



Wakenya wameupa mwezi wa kwanza wa mwaka jina la Njaanuari, na anayelipa karo hahitaji kuelezwa sababu. Mshahara wa Desemba umekwisha kabla ya Mwaka Mpya. Bonasi ya majani chai ililipwa Oktoba na tayari ina kazi yake. Shule zinafunguliwa, na katika pochi ya mwalimu, muuguzi au karani wa kaunti mmekaa kadi ya mkopo ambayo benki ilimpa pamoja na akaunti ya mshahara. Kadi hiyo ina nambari ya siri, na ukiiingiza kwenye mashine ya ATM mjini Embu au Meru, inatoa noti sawasawa na ile kadi nyingine ya kawaida. Hapo ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu kadi hizo mbili zinafanana mkononi lakini hazifanani hata kidogo kwenye hesabu.

Kadi ya kawaida hutoa pesa zako mwenyewe. Kadi ya mkopo hutoa pesa za benki. Na kadi ya mkopo yenyewe ina nyuso mbili. Mtu akiitumia kununua kitu dukani, benki nyingi humpa muda wa neema, ambao kwa kadi nyingi hufika hadi siku 50 kutegemea tarehe aliyonunua. Akilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye taarifa ya kadi, halipi riba. Huo ndio uso mzuri, na ndio unaotangazwa.

Uso wa pili ni pesa taslimu. Hapa hakuna muda wa neema. Mambo mawili hutokea siku ileile. Kwanza, benki hukata ada ya kutoa pesa, ambayo ni asilimia fulani ya kiasi kilichotolewa, tena huwa na kiwango cha chini ambacho ada haiwezi kushuka hata kama umetoa kidogo. Pili, riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo na huendelea kila siku hadi pesa zirudi. Hata mtu ambaye kwa miaka mitano amelipa kadi yake yote kila mwezi, bila kukosa hata mara moja, hapati msamaha kwa pesa taslimu.

Achukuliwe mwalimu mmoja wa Runyenjes, mtu wa mfano tu aliyeundwa kwa ajili ya hesabu hii. Anahitaji shilingi 30,000 za karo. Kadi yake inatoza ada ya asilimia 5 kwa pesa taslimu na riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Viwango hivi hutofautiana kati ya benki na benki, kwa hiyo kila mmoja asome jedwali la ada la benki yake, lakini hesabu yenyewe haibadiliki.

Tarehe 5 Januari anatoa shilingi 30,000. Ada ni shilingi 1,500, nayo haikatwi kwenye noti alizopewa bali huongezwa kwenye deni. Kwa hiyo akiondoka kwenye mashine na 30,000 mkononi, tayari anadaiwa 31,500, na riba itahesabiwa juu ya kiasi hicho chote, ada ikiwemo. Mshahara unaingia, naye analipa tarehe 4 Februari, siku 30 baadaye. Riba ya siku hizo ni shilingi 1,102.50. Jumla ya gharama ni shilingi 2,602.50. Juu ya ada kuna ushuru wa bidhaa wa serikali, na kama alitumia mashine ya benki nyingine kuna ada ya mashine hiyo pia.

Wengi husema, mimi nitarudisha haraka, riba haitanipata. Mwalimu huyu angerudisha baada ya siku tano tu, riba ingekuwa shilingi 183.75. Ni kweli riba imepungua sana. Lakini ada ya 1,500 iko palepale. Gharama ya siku tano ingekuwa shilingi 1,683.75, yaani zaidi ya nusu ya gharama ya mwezi mzima. Ada ni kama kiingilio cha uwanja wa mpira: ukitazama dakika kumi au tisini, mlangoni umelipa bei moja. Ndiyo maana pesa taslimu za kadi ni ghali zaidi, kwa kila siku, kwa yule anayezihitaji kwa siku chache.

Kuna jambo dogo ambalo huwachanganya hata watu wa hesabu. Tuseme taarifa ya kadi ya mwalimu huyu hutolewa tarehe 25 Januari. Itaonyesha 31,500 pamoja na riba ya siku 20, ambayo ni 735, jumla 32,235. Tarehe 4 Februari analipa 32,235 kamili, anaweka risiti, anasahau. Taarifa ya mwezi unaofuata inakuja na deni la shilingi 367.50. Hajaibiwa. Hiyo ni riba ya siku kumi kati ya tarehe ya taarifa na tarehe aliyolipa. Anayetaka kufunga deni la pesa taslimu kabisa asilipe kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa tu; apige simu benki siku ya kulipa aulize deni kamili la siku hiyo. Wapo walioacha mabaki kama hayo kwa kudhani ni kosa la mashine, yakazaa ada ya kuchelewa kulipa ambayo ni kubwa kuliko mabaki yenyewe.

Sasa aangaliwe mwalimu huyohuyo asipoweza kulipa yote. Kila taarifa ya kadi huonyesha kiasi cha chini kinachokubalika. Tuseme ni asilimia 10 ya deni. Analipa shilingi 3,223.50 na benki inaridhika, haimpigii simu. Lakini deni lake siku hiyo lilikuwa limefika 32,602.50, kwa hiyo linabaki 29,379. Alipokea 30,000, amelipa zaidi ya 3,200, na deni liko chini ya zile 30,000 kwa shilingi 621 tu. Mwezi unaofuata riba itakuwa zaidi ya shilingi 1,000 tena. Kiasi cha chini humlinda mtu asiandikwe kuwa amekosa kulipa. Hakikuwekwa ili kumaliza deni.

Njia nyingine zilizo mbele ya mwalimu huyu zipimwe kwa kiasi kilekile, shilingi 30,000, na muda uleule wa siku 30.

Njia inayofaa kutajwa kwanza ni SACCO, kwa sababu Meru na Embu ni nchi ya SACCO. Winas na Nawiri ziko Embu, Solution iko Meru, Yetu iko Nkubu, Dhabiti iko Maua, na zipo nyingine. Mkopo wa kawaida wa SACCO nyingi nchini hutozwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Kwa mwezi mmoja, 30,000 zingegharimu shilingi 300 za riba, pamoja na ada ya kushughulikia ombi na bima pale zinapotozwa. Hata akiueneza mkopo huo kwa miezi 12, akipunguza 2,500 za deni kila mwezi, riba ya mwaka mzima itakuwa shilingi 1,950. Hesabu hiyo inafaa kusomwa mara mbili: mwaka mzima wa SACCO kwa riba ndogo kuliko gharama ya mwezi mmoja wa kadi.

Mbona basi watu hawakimbilii SACCO? Wengine kwa sababu mkopo unahitaji akiba na wadhamini, na mdhamini wa mwezi wa Januari ni mtu adimu. Wengine kwa sababu ya siku mbili au tatu za kusubiri. Lakini kwa watumishi wa umma kuna sababu nyingine, na ndiyo inayoujaza mlango wa kadi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mfanyakazi lazima abaki na theluthi moja. Aliyekwisha kujaza hati yake ya mshahara kwa mikopo ya shamba, gari na karo za miaka iliyopita anaambiwa na SACCO kwamba hana nafasi. Kadi ya mkopo haikatwi kupitia hati ya mshahara. Benki iliangalia mshahara wake alipoomba kadi, labda miaka mitatu iliyopita, ikampa kikomo, na kikomo hicho hakijui kwamba theluthi imeguswa. Kwa hiyo yule ambaye sheria imesema hawezi kubeba mkopo mwingine wa asilimia 1 anaubeba ule wa asilimia 3.5 pamoja na kiingilio. Ulinzi wa theluthi moja haufiki kwenye kadi.

Upande wa simu hesabu si rahisi kama watu wanavyodhani. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, hutoza ada ya mara moja ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa 30,000 hiyo ni shilingi 2,250, kabla ya ushuru wa bidhaa. Ni karibu sawa na kadi. Nayo pia ni kiingilio: kulipa mapema hakupunguzi ada, na siku 30 zikipita bila kulipa, ada nyingine ya asilimia 7.5 huongezwa kwenye deni linalobaki. Kwa hiyo anayelaani kadi huku akikopa M-Shwari kila mwezi amehama chumba ndani ya nyumba ileile.

Fuliza ni kiumbe cha ajabu zaidi. Kwa viwango vilivyotangazwa Oktoba 2022, kuna ada ya asilimia 1 ya kuingia, kisha ada ya kila siku inayotegemea kiasi. Anayedaiwa zaidi ya shilingi 2,500 hulipa shilingi 25 kwa siku, iwe anadaiwa 3,000 au 30,000. Mwenye kikomo cha Fuliza cha 30,000 angelipa 300 za kuingia na 750 za siku 30, jumla 1,050 kabla ya ushuru, ambayo ni chini ya nusu ya gharama ya kadi. Lakini ni wachache wenye kikomo hicho. Walio wengi hukopa kidogo, na huko chini ndiko ghali. Deni la shilingi 1,000 hutozwa shilingi 6 kwa siku baada ya siku tatu za mwanzo. Likikaa siku 30 limegharimu shilingi 172, zaidi ya asilimia 17 kwa mwezi. Tena pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa humezwa kwanza na deni hilo, hata kama ilitumwa na shangazi kwa ajili ya dawa.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 na hupatikana kwa kubonyeza *254#, ndiyo nafuu kuliko zote kwa riba: asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo wa 30,000 kwa siku 14 ungegharimu takriban shilingi 92. Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Muda ni siku 14, si 30, kwa hiyo mwalimu aliyekopa tarehe 5 Januari angetakiwa kurudisha kabla ya mshahara. Na asilimia 5 ya mkopo huwekwa kama akiba, hivyo anayekopa 30,000 hupokea 28,500. Kikomo ni shilingi 50,000 kwenye maandishi, lakini aliyekopa mara moja tu huenda akaona kikomo cha mamia. Mlango huu hufunguka polepole kwa anayekopa kidogo na kulipa kwa wakati.

Vyama vya mzunguko vya akina mama na vya kijijini visisahauliwe. Chama kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi kitachukua shilingi 3,000, zaidi ya kadi, ingawa faida hiyo hurudi kwa wanachama mwisho wa mwaka, na mkopaji ni mmoja wao. Mkopeshaji wa mtaani anayedai asilimia 20 kwa mwezi atachukua 6,000, na mara nyingi hushika kadi ya ATM na nambari ya siri kama dhamana. Haki itendeke hapa: kadi ya mkopo haiko mwisho wa foleni. Kwa mtu ambaye chaguo lake lililobaki ni huyo wa mtaani, kadi ni bora kwa mbali, na hakuna sababu ya kumwonea haya.

Lakini kabla ya kufika kwenye mashine kuna swali ambalo watu wengi hawaulizi: je, anayelipwa anaweza kupokea kadi yenyewe? Hospitali nyingi za binafsi, maduka ya vitabu, maduka ya sare na maduka ya dawa ya wanyama mjini Meru na Embu yana mashine za kulipia. Mwalimu yule akilipa sare, viatu na vitabu vya shilingi 12,000 kwa kadi dukani, huo ni ununuzi, una muda wa neema, hauna ada ya asilimia 5. Pesa zake taslimu alizotenga kwa vitu hivyo sasa zinaweza kwenda kwenye karo, na anachohitaji kutoa kwenye mashine ni 18,000 badala ya 30,000, au pengine si lazima atoe chochote. Ni kupanga upya tu nani alipwe na kipi. Tahadhari ni kwamba benki nyingi huhesabu kama pesa taslimu hata matumizi ambayo hayapiti kwenye ATM: kuhamisha pesa kutoka kadi ya mkopo kwenda kwenye pochi ya simu, na kuweka pesa kwenye kamari. Aliyetuma 10,000 kutoka kadi hadi M-Pesa akiwa nyumbani kwake Siakago hakuona mashine wala noti, lakini ada na riba vimeanza.

Kwa wafanyakazi wa kaunti kuna hatari moja inayopaswa kusemwa waziwazi katika jarida la kaunti. Mgao kutoka Hazina ya Taifa ukichelewa, mishahara ya kaunti huchelewa. Mkopo uliopangwa kwa siku 30 huwa wa siku 60 bila kosa la mkopaji. Kwa kadi ya mfano wetu, siku 60 ni ada ya 1,500 na riba isiyopungua 2,205, jumla 3,705, bila kutaja ada ya kuchelewa. Anayekopa kwa kutegemea mshahara wa kaunti apige hesabu ya miezi miwili, kisha aamue kama bado anataka.

Kwa yule ambaye tayari amebeba deni la kadi na hulipa kiasi cha chini kila mwezi, hatua ya kwanza ni kuacha kutoa pesa mpya kwa kadi hiyo. Ya pili ni kuuliza SACCO yake kuhusu mkopo wa kulipa deni la kadi, kwani deni lilelile la 30,000 linalomla zaidi ya 1,000 za riba kwa mwezi upande huu lingemla 300 upande wa pili, na zikipungua kila mwezi. Kama hati ya mshahara imejaa, aende benki yenyewe aombe deni la kadi ligeuzwe kuwa mkopo wa awamu wenye riba ya chini. Benki hukubali zaidi kabla mtu hajakosa kulipa kuliko baadaye. Akienda aulize mambo manne na aombe majibu kwa maandishi: riba mpya ni asilimia ngapi kwa mwezi, kuna ada gani ya kubadilisha, je, kadi itafungwa au itabaki wazi, na malipo yakiingia yanapunguza kwanza deni la pesa taslimu au la ununuzi. Swali la mwisho lina uzito kwa anayebeba madeni yote mawili kwenye kadi moja, kwa kuwa malipo yakielekezwa kwanza kwenye ununuzi, lile la pesa taslimu hubaki likila.

Na deni likishaharibika kabisa, Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaweka ukuta. Tangu mkopo wa benki uhesabiwe kuwa haulipwi, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha deni la msingi kilichokuwapo siku hiyo. Anayeletewa barua ya deni lililovimba kupita hapo ana haki ya kuiomba benki hesabu yote, mstari kwa mstari tangu siku alipotoa noti, na benki ikikataa, anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya.